Kukaa ukutani au kuendesha baiskeli? Presha na mapigo ya moyo katika mazoezi mawili yasiyofanana

Mtu mwenye presha ya 138/88 akiendesha baiskeli kwa dakika 20 kwenye barabara tambarare, namba yake ya juu hupanda, ya chini hubaki palepale au hushuka kidogo, na moyo hudunda mbio. Mtu huyohuyo akiegemea ukuta na kukunja magoti kana kwamba amekalia kiti, akashikilia hivyo kwa dakika mbili tu, namba zote mbili hupanda, ya juu na ya chini, ilhali moyo wake haudundi kwa kasi ile ya baiskeli. Anayetazama mapigo peke yake ataona zoezi la ukutani ni jepesi. Anayetazama presha peke yake atalikimbia.

Swali la lipi lifanywe nililetewa na shemeji yangu, mke wa kaka, anayeuza nafaka soko la Mbuyuni hapa Moshi. Ana miaka 48. Kliniki walimwambia presha imeanza kusogea, haijafika ya kuanzishiwa dawa, apunguze chumvi na aanze mazoezi. Kijana mmoja wa jimu akamshauri akae ukutani. Jirani akamwambia hilo litampasua mshipa, bora baiskeli. Akaja kwangu, kwa kuwa kazi yangu ni fiziotherapia: "Shemeji, mimi sina muda wa yote mawili. Nishike lipi?"

Badala ya kumjibu papo hapo, tulimpima akifanya yote mawili. Baiskeli ilikuwa ya mazoezi, ile iliyosimama mahali pamoja, ili mkono mmoja uwe huru. Nesi mmoja rafiki yangu alimpima kwa mashine ya kupampu kwa mkono na stetoskopu, kwa sababu mashine za umeme za nyumbani huchanganyikiwa mwili unapotikisika. Mkono unaopimwa tuliuegemeza kwenye stendi, usawa wa moyo, ukiwa umelegea kabisa. Jambo hili si dogo. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, mashine itaongeza kama namba 7 au 8 ambazo hazimo mwilini, na mkono ukibana kitu, kubana kwenyewe kunapandisha presha. Kati ya zoezi la kwanza na la pili alipumzika hadi namba zikarudi zilipoanzia.

| | Amekaa, amepumzika | Baiskeli, dakika ya 20 | Ukutani, mwisho wa dakika ya 2 |
|---|---|---|---|
| Presha ya juu | 138 | 172 | 184 |
| Presha ya chini | 88 | 86 | 112 |
| Mapigo kwa dakika | 74 | 128 | 112 |

Ukutani tulimpima pia katikati. Kwenye sekunde ya 30 alikuwa na 152/96, mapigo 90. Dakika moja ilipotimia, 164/102, mapigo 98. Yaani presha haikupanda ikatulia, ilikuwa inaendelea kupanda muda wote aliokaa pale. Kwenye baiskeli mambo yalikuwa kinyume. Namba zilipanda ndani ya dakika tatu nne za mwanzo, zikafika mahali zikakaa, na dakika ya 20 haikuwa tofauti sana na ya 8. Huu mwenendo ndio alama ya kwanza ya kuyatofautisha: zoezi la mwendo kwa nguvu ya kadiri hufikia usawa, la kushikilia huendelea kudai hadi unapoachia.

Namba ya chini inaeleza nini

Presha ni zao la vitu viwili: kiasi cha damu ambacho moyo unasukuma kwa dakika, na ugumu ambao damu hiyo inakutana nao kwenye mishipa midogo. Waliokulia migombani huku mlimani wanaufahamu mfereji wa kumwagilia. Maji yakiongezwa kwenye mfereji huku milango mingi ya mashamba imefunguliwa, yanapita mengi na kina hakipandi sana. Milango ikifungwa, hata maji kidogo yanatosha kupandisha kina.

Tufanye hesabu kwa namba za shemeji. Presha ya wastani hupatikana kwa kukadiria: namba ya chini mara mbili, jumlisha ya juu, gawa kwa tatu. Alipopumzika inakuja kama 105. Kwenye baiskeli ni 115. Ukutani ni 136. Kiasi cha damu hatukukipima, hakipimiki kwa vifaa vya nyumbani, lakini kwa mtu wa kimo chake makadirio ya kawaida ni lita 5 kwa dakika akipumzika, kama lita 12 kwenye baiskeli ya kasi ile, na kama lita 7 ukutani. Sasa gawanya presha ya wastani kwa lita ili upate kipimo cha ugumu wa njia. Akipumzika unapata 21. Kwenye baiskeli unapata kati ya 9 na 10, yaani ugumu umepungua zaidi ya nusu. Ukutani unapata 19, karibu sawa na alipokuwa amekaa kimya.

Hapo ndipo namba ya chini inapoeleweka. Namba hiyo inategemea sana jinsi damu inavyotoka kwa wepesi kwenye mishipa mikubwa wakati moyo unajaa kabla ya kudunda tena. Kwenye baiskeli mishipa ya mapaja imefunguka wazi, damu inatoka haraka, kwa hiyo namba ya chini haina sababu ya kupanda hata kama moyo unamwaga zaidi ya mara mbili ya kawaida. Ukutani damu imeongezeka kidogo tu, ila njia hazikufunguka, kwa hiyo namba zote mbili zinasukumwa juu pamoja.

Kwa nini misuli ileile inafanya mambo mawili tofauti

Mapaja ni yaleyale, ubongo ni uleule, na dakika ya kwanza mwili unaanza kwa namna moja. Ubongo ukiamuru misuli ikaze, amri hiyo inapita pia kwenye kituo cha moyo kilichoko chini ya ubongo, na moyo unaongeza kasi ndani ya sekunde moja au mbili, kabla misuli haijapungukiwa na chochote. Kinachofuata kinategemea kama misuli inapewa nafasi ya kulegea.

Kwenye baiskeli, ukikanyaga pedali mizunguko 60 kwa dakika, kila paja linakaza na kulegea mara 60. Linapokaza linabana mishipa na kusukuma damu iliyotumika kuelekea moyoni, na vali za vena zinaizuia isirudi chini. Linapolegea, damu mpya inaingia. Misuli inayofanya kazi hivi inatoa kemikali zinazoamuru mishipa yake midogo ifunguke, na kwa kuwa damu inapita, uchafu unaoshwa kadiri unavyotengenezwa. Moyo unapokea damu nyingi inayorudishwa na miguu, na kazi yake kubwa ni kwenda kasi ili kuipitisha. Ndiyo maana mapigo yanapanda sana.

Ukutani hakuna kulegea. Msuli uliokaza una mgandamizo ndani yake, na mgandamizo huo ukizidi presha iliyo kwenye mishipa midogo, damu haipiti vizuri. Kwenye misuli ya mkono, kukaza kwa chini ya asilimia 15 hivi ya nguvu zako zote kunavumilika muda mrefu bila presha kupanda sana. Kuanzia hapo kwenda juu msuli unaanza kupungukiwa na damu, na ukifika karibu asilimia 70 njia inafungwa karibu yote. Mapaja hufungwa mapema zaidi ya mkono. Damu isipopita, asidi, potasiamu na fosfeti hurundikana humo ndani. Kuna neva nyembamba zilizotandazwa ndani ya msuli ambazo kazi yake ni kuonja hali hiyo. Zikiionja, zinatuma taarifa kwenye kituo kilekile chini ya ubongo, nacho kinajibu kwa kubana mishipa ya tumbo, ya figo na ya viungo visivyofanya kazi, ili presha ipande na damu ilazimishwe kupita kwenye msuli unaolia.

Ushahidi wa jambo hili ni wa siku nyingi na bado unanivutia kwa urahisi wake. Mwaka 1937 watafiti wawili, Alam na Smirk, waliwafanyisha watu kazi ya misuli huku mfuko wa kupimia presha umejazwa hewa juu ya kiungo, damu isiingie wala isitoke. Watu walipoacha kufanya kazi na misuli ikalegea, presha haikurudi chini. Ilibaki juu kwa muda wote damu ile chafu ilipokuwa imefungiwa mle, na mfuko ulipofunguliwa ikashuka. Hakuna aliyekuwa akikaza chochote, hakuna amri iliyokuwa ikitoka kwenye ubongo, ila kemikali zilikuwa bado zimo na neva zilikuwa bado zinazionja. Majaribio ya namna hiyo yaliyofuata yalionyesha pia kwamba katika kipindi hicho mapigo ya moyo hurudi karibu na ya kawaida, ingawa presha iko juu.

Kwa hiyo mapigo na presha vinaweza kuachana. Mapigo yanafuata zaidi amri ya ubongo na mahitaji ya hewa ya mwili mzima. Presha, kwenye kushikilia, inafuata zaidi malalamiko ya msuli uliofungiwa. Saa ya mkononi inayohesabu mapigo haiwezi kukuambia kinachotokea ukutani.

Jambo hili pia linaeleza kwa nini msuli mdogo unaweza kupandisha presha ya mwili mzima. Kinachohesabika zaidi ni sehemu ya nguvu zako unayotumia na muda unaoishikilia, si ukubwa wa msuli peke yake. Dumu la lita 20 lililojaa maji ni kilo 20 na ushei. Mwanamke ambaye nguvu yake yote ya kubana kiganja ni kilo 28 akilibeba kwa mkono mmoja kutoka bombani, anatumia zaidi ya asilimia 70 ya uwezo wa mkono ule. Anapiga hatua chache tu, hahemi, lakini mkono umefungiwa damu na presha inapanda kwa njia ileile ya ukutani. Nilimwambia shemeji kwamba kabla hatujazungumzia zoezi lolote, tayari anafanya la kushikilia kila asubuhi, bila mpango na huku amebana pumzi. Agawe maji kwenye madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, atue njiani.

Je, moyo unachoka zaidi wapi?

Kipimo rahisi cha kazi ya moyo ni kuzidisha mapigo kwa presha ya juu. Shemeji akipumzika anapata kama 10,200. Kwenye baiskeli 22,000. Ukutani 20,600. Tofauti kati ya mazoezi mawili ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, ila moyo umefika hapo kwa njia mbili. Kwenye baiskeli umefika kwa kupitisha damu nyingi, ukutani kwa kusukuma dhidi ya ukuta wa presha. Na baiskeli ilidumu dakika 20, ukutani dakika mbili.

Kuna jambo moja ambalo huwashangaza wengi. Misuli ya moyo wenyewe hupata damu yake hasa wakati imelegea, kati ya pigo na pigo. Ukutani muda huo ni mrefu kidogo kwa kuwa mapigo ni machache, na presha ya chini inayoisukuma damu hiyo iko juu. Kwa hiyo kwa kazi ileile, moyo hulishwa si vibaya. Hili halimpi mgonjwa wa moyo ruhusa ya kujijaribia, ila linatosha kuondoa ile hofu kwamba kila zoezi la kushikilia linaunyima moyo damu.

Kwa mtu asiye na ugonjwa mwingine, hatari ya kweli ni pumzi. Mtu akikaza huku amefunga koo, presha ya kifuani hujumlishwa moja kwa moja kwenye ile ya mishipa. Mwaka 1985 watafiti walipima kwa sindano iliyo ndani ya mshipa presha za wanaume wajenzi wa misuli waliokuwa wakisukuma uzito mkubwa kwa miguu yote miwili, na wastani wa vilele ulikuwa 320/250. Hapo kulikuwa na uzito wa kiwango cha juu na pumzi iliyobanwa pamoja. Ukutani, kwa mkunjo wa wastani na pumzi huru, hatuko karibu na namba hizo. Lakini tabia ya kubana pumzi huja yenyewe kadiri mapaja yanavyowaka. Njia ya kuijua ni kumsikiliza mtu: mwambie ahesabu kwa sauti, moja mpaka 120. Akinyamaza, amebana. Mishipa ya shingo ikisimama na uso ukijaa, amebana. Mwambie aachie.

Baada ya wiki kadhaa

Hadi hapa zoezi la ukutani linaonekana kama la kuogopwa na mwenye presha. Matokeo ya muda mrefu yanasema vingine. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2023 ulikusanya majaribio 270 yenye washiriki zaidi ya 15,000 na kulinganisha aina za mazoezi kwa jinsi zinavyoshusha presha ya mtu aliyepumzika. Mazoezi ya kushikilia yalishusha kwa wastani wa karibu 8 juu na 4 chini. Mazoezi ya mwendo kama baiskeli, kutembea na kukimbia yalishusha karibu 4.5 juu na 2.5 chini. Ndani ya kundi la kushikilia, kukaa ukutani kulifanya vizuri zaidi kuliko kubana kiganja.

Mimi nazichukua namba hizo kwa uzito, na kwa tahadhari moja. Majaribio ya kushikilia ni machache na mengi yana washiriki wachache, wakati yale ya mwendo ni mengi na yamefanywa kwa watu wa kila aina. Siwezi kusema ukutani ni bora mara mbili. Naweza kusema bila wasiwasi kwamba kushikilia, kukifanywa kwa kipimo, hakuharibu presha, kunaishusha.

Maelezo yanayokubalika ni haya. Kila unapoachia, damu iliyozuiliwa inaingia kwa kishindo kwenye msuli, na mkwaruzo wa damu hiyo kwenye kuta za mishipa unazifanya zitoe oksidi ya nitriki, ambayo hulegeza mshipa. Kurudia hivyo wiki baada ya wiki kunaifanya mishipa iwe myepesi kufunguka, na neva zinazobana mishipa hutulia. Baiskeli hufikia mahali karibu na hapo kwa mtiririko mrefu wa damu badala ya vipindi vya kufunga na kufungua. Na ina faida ambazo ukutani hauzitoi kwa kiwango hicho: inapanua uwezo wa mapafu na moyo kutumia hewa, inachoma sukari, inasaidia uzito. Mwenye kisukari na presha pamoja, baiskeli au kutembea kwa kasi ndiyo namba moja kwake, hata kama ukutani unashusha presha zaidi.

Ukichagua ukutani

Utaratibu uliojaribiwa ni raundi nne za dakika mbili, ukipumzika dakika mbili baina yake, siku tatu kwa wiki. Jumla ni dakika 14. Kinachoamua ugumu ni mkunjo wa goti. Usianze na pembe mraba kama kiti, wengi hawafiki hata dakika moja pale. Anza juu, goti likiwa limekunjwa kidogo tu, kama nyuzi 130 hivi. Weka alama ukutani kwa chaki pale mgongo ulipoishia na sakafuni pale visigino vilipo, ili siku ya pili urudi mahali palepale. Mkunjo sahihi ni ule ambao raundi ya kwanza inahisi wastani, ya nne ni ngumu lakini unaimaliza ukihesabu kwa sauti. Ukishindwa ya tatu, panda sentimita chache. Ukimaliza ya nne bila kuhisi kitu, shuka chache.

Ukimaliza raundi, usiruke kusimama. Presha huanguka haraka unapoachia, mara nyingine chini ya ilipoanzia, kwa kuwa mapaja yamefunguka yote kwa pamoja. Sukuma ukuta kwa mikono, nyoosha magoti taratibu, kisha tembeatembea.

Magoti yenye maumivu ya mbele huwa hayapendi zoezi hili. Wa namna hiyo wanaweza kubana kiganja kwa kifaa chenye kipimo, kwa asilimia 30 ya nguvu zote, muda uleule. Bila kipimo, watu hubana mno, na asilimia 30 inageuka 60.

Ukichagua baiskeli

Hapa Moshi barabara yenyewe inaamua unafanya zoezi gani. Ukitoka mjini kuelekea kiwanda cha sukari cha TPC, njia haina milima, unaweza kukanyaga kwa mdundo mmoja muda mrefu. Ukielekea hospitali ya KCMC unapanda. Kwa baiskeli nzito isiyo na gia, mpando huo unashusha mizunguko hadi 30 au 35 kwa dakika, kila mkanyago unakuwa mrefu na mzito, na mikono inavuta usukani kwa nguvu. Umeanza na zoezi la mwendo, umemaliza na la kushikilia. Shemeji tulipomwambia abane usukani kwa nguvu kwenye baiskeli ileile, kwa mkono usiopimwa, namba yake ya chini ilipanda kutoka 86 hadi 97 bila kubadili kasi ya miguu.

Ndiyo maana ukipima kwenye baiskeli na kuona namba ya chini imepanda zaidi ya 10 kuliko ulipopumzika, kwanza angalia vidole. Vilegeze, pima tena. Ikibaki juu, mpelekee daktari taarifa hiyo, kwa sababu si mwitikio wa kawaida wa zoezi la mwendo. Mlimani shuka ukokote, hakuna aibu.

Kasi ya kutosha ni ile unayoweza kuongea sentensi fupi lakini huwezi kuimba. Lenga dakika 30, siku tano kwa wiki. Usisimame ghafla mwishoni. Mishipa ya miguu bado iko wazi, na ukiacha kukanyaga unaondoa pampu iliyokuwa inarudisha damu, ndipo kizunguzungu kinapokuja. Kanyaga taratibu dakika tatu hadi tano za mwisho.

Wasiochagua peke yao

Presha ya 180/110 au zaidi ukiwa umepumzika si ya mazoezi, ni ya hospitali. Kuanzia 160/100, acha ukutani kwanza mpaka dawa ziishushe, na utembee kwa ruhusa ya kliniki. Mwenye mshipa mkubwa uliovimba, aliyepata kiharusi au shambulio la moyo hivi karibuni, mwenye ngiri, mwenye kisukari kilichoharibu macho, na mjamzito mwenye presha, wote hao wasishikilie bila kuzungumza na daktari. Maumivu ya kifua, kuona giza au kichwa kuuma ghafla wakati wa zoezi lolote ni sababu ya kuacha palepale.

Wanaotumia atenololi, bisoprololi au propranololi wajue kwamba dawa hizo huzuia mapigo yasipande. Wakitafuta mapigo 130 kwenye baiskeli watajiumiza bila kuyapata. Wao waongozwe na pumzi na maongezi.

Alichochukua shemeji

Kwa presha yake, magoti mazima, hana kisukari, na siku inayoanza sokoni kabla ya alfajiri, nilimshauri ukutani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa jioni, na baiskeli Jumapili njia ya TPC. Kama angekuwa na nafasi ya saa nzima kila siku, ningeanza na baiskeli wiki nne kisha niongeze ukutani, kwa kuwa baiskeli inampa mwili mambo mengi zaidi. Lakini zoezi la dakika 14 linalofanyika lina maana kuliko la dakika 30 linaloahirishwa, na hapo hakubishana nami.

Kuhusu kujua kama linafanya kazi, nilimwandikia utaratibu kwenye karatasi. Apime asubuhi kabla ya chai, amekaa dakika tano mgongo umeegemea, miguu chini, mkono mezani, haongei. Apime mara mbili, aandike zote. Afanye hivyo siku saba kabla ya kuanza, kisha siku saba wiki ya nane, na alinganishe wastani wa wiki na wastani wa wiki. Asitumie namba ya jioni baada ya mazoezi, kwa kuwa baada ya baiskeli hasa presha hukaa chini kwa saa kadhaa na itamdanganya kwamba amepona. Na asiogope namba ya ukutani yenyewe. Ile 184/112 ni ya dakika mbili. Inayopelekwa kliniki ni ya asubuhi.